Chaneli ya Waifai iliyojaa: jinsi ya kutafuta iliyo wazi zaidi katika mitaa iliyobanana ya Mwanza

Jioni moja niliitwa kwenye steshenari iliyo ghorofa ya kwanza, mtaa wa Kirumba, ambako mwenye duka alikuwa na malalamiko ya aina moja: asubuhi kila kitu kinakwenda vizuri, lakini kuanzia saa kumi na moja jioni kuchapisha kutoka kwenye simu kunakwama, na kompyuta ya meza ya nyuma inafungua ukurasa mmoja kwa dakika nzima. Alikuwa tayari ameongeza kifurushi cha intaneti mara mbili, na hakuona tofauti yoyote. Tatizo linalofuata saa namna hii, kisha likawa halibadiliki hata kasi ikiongezwa, mara nyingi haliko kwa mtoa huduma. Liko hewani, kati ya ruta na vifaa vya nyumbani, kwa sababu majirani waliorudi kutoka kazini wamewasha simu na televisheni zao kwenye masafa yaleyale. Nitaeleza hatua nilizofuata pale dukani, nikitumia vipimo vya siku ile, kwa kuwa msomaji anaweza kuvifuata hivyo hivyo nyumbani kwake.

Hatua ya kwanza: thibitisha kwamba kasoro iko hewani

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, pima njia iliyo kati ya kompyuta na ruta peke yake, bila kuihusisha intaneti. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri na uandike amri ifuatayo, ukiweka anwani ya ruta yako, ambayo mara nyingi imebandikwa kwenye kibandiko kilicho chini yake (192.168.1.1, 192.168.0.1 na 192.168.100.1 ndizo zinazoonekana sana):

```
ping -n 50 192.168.1.1
```

Amri hii hutuma pakiti ndogo 50, moja baada ya nyingine, na kuonyesha kila moja imechukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi. Ukiwa chumba kimoja na ruta na hewa ikiwa tulivu, majibu mengi hurudi kwa milisekunde chache tu. Pale dukani, saa kumi na moja na nusu jioni, majibu yaliyumba kati ya milisekunde 3 na 340, na pakiti 6 kati ya 50 zilipotea, zikiacha maneno `Request timed out.` Kisha nikachomeka kebo kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta, nikazima Waifai ya kompyuta, na kurudia amri ileile: kila jibu lilirudi kwa milisekunde 1 na hakuna pakiti iliyopotea.

Ulinganisho huo ndio unaoamua. Kama njia ya kebo nayo ingeyumba, ningeishuku ruta yenyewe. Kama zote mbili zingekuwa nzuri lakini tovuti bado zinachelewa, ningemwambia mwenye duka ampigie mtoa huduma, na mwongozo huu usingemfaa kwa lolote. Kama huna kebo, rudia kipimo cha Waifai saa kumi na mbili asubuhi, ukikaa mahali palepale. Tofauti kubwa kati ya asubuhi na jioni ni ushahidi wa kutosha.

Jinsi chaneli zinavyogongana

Masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ruta nyingi za bei nafuu huyatumia, yamegawanywa kwa namba kuanzia 1 hadi 13. Mtu akiziona namba 13 hudhani ana vyumba 13 vilivyotenganishwa kwa kuta. Ukweli ni kwamba vitovu vya chaneli vimeachana kwa megahezi 5 tu, ilhali mtandao mmoja hutumia upana wa megahezi 20. Ruta iliyo kwenye chaneli ya 3, kwa mfano, inamwagika hadi kwenye nafasi za 1, 2, 4, 5 na 6. Ndiyo maana chaneli zinazoweza kukaa bega kwa bega bila kugusana ni 3 tu kwa mpangilio wa kawaida, yaani 1, 6 na 11.

Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wengine hulikosea. Mitandao 2 iliyo kwenye chaneli moja hasa haigombani kama watu wanavyodhani. Kila ruta na kila simu husikiliza kwanza kabla ya kusema, na ikitambua maneno ya mwenzake, hata yakiwa hafifu sana, hunyamaza na kungoja zamu. Ni kama kikao cha barazani: watu wakiwa wengi zamu huchelewa, lakini maneno ya kila mmoja yanasikika. Mtandao ulio kwenye chaneli ya kando, tuseme 9 wakati wewe uko 11, hauwezi kutambuliwa kuwa ni maneno. Unasikika kama kelele ya spika ya jirani iliyovuka ukuta. Kifaa hunyamazia kelele ya namna hiyo pale tu inapokuwa kubwa sana; ikiwa ya wastani, kinaendelea kusema juu yake, pakiti zinaharibika, na zinarudiwa tena na tena. Kwa hiyo, kuchagua namba ya katikati kwa sababu haina mtu ni kujiweka mahali ambapo husikilizwi na upande wowote, na wakati huohuo unazichafua chaneli 2 za wenzako.

Hatua ya pili: weka ruta mahali pake kabla ya kupima

Sehemu hii ina uzito wa pekee katika mji wetu. Nyumba nyingi za Mwanza zimepanda vilima, na aliye juu Isamilo au Mabatini anatazamana na mamia ya paa zilizo bondeni bila ukuta wowote katikati. Ruta iliyowekwa dirishani kwenye nyumba kama hiyo inasikia mitandao ya mtaa mzima, na kwa kuwa kila mtandao wa chaneli yake inaousikia inalazimika kuungojea, inapoteza muda kwa ajili ya watu ambao haiwahudumii. Kwa upande mwingine, jabali moja kubwa lililo nyuma ya nyumba linaweza kumzima kabisa jirani aliye hatua 20 tu kutoka kwako. Hatuna haja ya kuyavunja mawe yetu yote kuwa kokoto; mengine yanatufanyia kazi pale yalipo.

Pale steshenari ruta ilikuwa imekaa juu ya dirisha la barabarani, kwa sababu ndipo kebo ya mtoa huduma ilipoingilia. Nilirefusha kebo na kuihamishia ruta kwenye ukuta wa ndani, juu ya kabati, karibu katikati ya duka. Hatua hiyo pekee iliondoa kwenye orodha mitandao kadhaa ya ng'ambo ya barabara. Ukipima kwanza kisha ukahamisha ruta baadaye, vipimo vyako havitakuwa na maana, kwa hiyo fuata mpangilio huu.

Hatua ya tatu: orodhesha mitandao, chaneli zake na nguvu zake

Kwa simu ya Android, tafuta programu iitwayo `WiFi Analyzer`. Ziko kadhaa zenye jina hilo, na ile isiyo na matangazo inatosha kabisa. Washa huduma ya mahali kwenye simu, la sivyo programu itabaki tupu. Simu za Android kuanzia toleo la 9 huruhusu programu kukagua mitandao mara 4 tu ndani ya dakika 2, kwa hiyo usihangaike ukiona namba zimeganda: subiri nusu dakika kila unapobadilisha mahali. Kwenye kompyuta ya Windows, bofya kwanza alama ya Waifai ili orodha ijiburudishe, kisha andika:

```
netsh wlan show networks mode=bssid
```

Mstari wa `Channel` unaonyesha namba ya chaneli, na mstari wa `Signal` unaonyesha nguvu kwa asilimia. Simu huonyesha nguvu kwa desibeli, ikiandika `dBm` baada ya namba hasi, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa: namba iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu. Mtandao wa -45 uko puani pako, wa -70 unasikika vizuri kupitia kuta, na wa -85 ni mnong'ono tu. Asilimia 100 za Windows ni kama -50 au zaidi, na asilimia 50 ni kama -75.

Pima saa ile ile tatizo linapotokea, na upime sehemu 2: pale ruta ilipo, na pale mtumiaji anapokaa. Sababu ni kwamba ruta inaweza kuwa mahali patulivu huku simu ya chumbani ikiwa imezungukwa na kelele ambazo ruta haizisikii. Hivi ndivyo daftari langu lilivyosomeka kwenye meza ya nyuma ya steshenari, baada ya ruta kuhamishwa:

- Chaneli 1: mitandao 6; wenye nguvu ni -58 na -63, mingine chini ya -80.
- Chaneli 3: mtandao 1, -62.
- Chaneli 6: mitandao 8; wa gesti ya jirani -49, mwingine -66, na humohumo mtandao wa duka lenyewe, -57.
- Chaneli 9: mtandao 1, -69.
- Chaneli 11: mitandao 3, ya -78, -81 na -84.

Hatua ya nne: amua kwa nguvu za mitandao, usiamue kwa idadi yake peke yake

Kwa kuwa ruta inapaswa kukaa 1, 6 au 11, swali linabaki kuwa moja: ni ipi kati ya hizo 3 ina majirani walio hafifu zaidi, pamoja na wale wanaoimwagikia kutoka kando? Mitandao 6 ya -85 inakusumbua kidogo kuliko mmoja wa -50, kwa sababu ule wa -50 ukianza kupakua filamu, ruta yako italazimika kuungojea karibu muda wote.

Chaneli ya 6, ambako duka lilikuwa, ilishindwa mara moja: gesti ya -49 ilisikika kwa nguvu kuliko ruta ya duka lenyewe, na wageni wake hufika jioni, saa zilezile za malalamiko. Chaneli ya 1 ilikuwa na jirani wa -58, tena juu yake ule wa chaneli ya 3 ulimwaga nusu ya nguvu zake. Iliyobaki ni 11, yenye mitandao 3 dhaifu. Kasoro yake ilikuwa moja tu, yule aliye chaneli ya 9, na huyo tutarudi kwake.

Kabla ya kuendelea, tazama pia upana. Programu ya simu huchora kila mtandao kama kilima, na mtandao wenye kilima kipana mara mbili ya wenzake unatumia megahezi 40. Katika mtaa uliobanana, upana huo unameza karibu nusu ya masafa yote ya 2.4. Ruta nyingi huja zikiwa zimeruhusiwa kufanya hivyo, na ya steshenari ilikuwa mojawapo.

Hatua ya tano: badilisha mpangilio wa ruta

Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta, na uingie kwa jina na nywila ya msimamizi, ambayo si nywila ya Waifai. Tafuta ukurasa wa `Wireless` au `WLAN`, uchague `2.4G`, na wakati mwingine utalazimika kufungua `Advanced`. Hapo badilisha mambo 2 tu: `Channel` iondoke kwenye `Auto` iwe 11, na `Channel Width` iondoke kwenye `20/40MHz` iwe `20MHz`. Hifadhi, kisha subiri kama dakika moja vifaa virudi vyenyewe. Jina na nywila ya Waifai havibadiliki, kwa hiyo hakuna mtu wa kusumbuliwa.

Watu huniuliza kwa nini nisiiache ruta ijichagulie yenyewe. Baadhi ya ruta mpya hufanya hivyo vizuri, zikikagua hewa mara kwa mara. Nyingi za bei ya chini hukagua mara moja tu, zinapowashwa. Sasa fikiria umeme ukikatika mtaa mzima na kurudi: ruta zote zinaamka pamoja, kila moja inachungulia hewa ambayo wenzake bado hawajaanza kuitumia, na kila moja inaamini imepata mahali pa wazi. Namba iliyochaguliwa kwa kupima saa za msongamano haipotei kwa kukatika kwa umeme.

Epuka kitufe kidogo cha `Reset` kilicho nyuma. Hicho hakiwashi upya, kinafuta kila kitu pamoja na mipangilio ya mtoa huduma, na utabaki bila intaneti hadi fundi wao aje.

Kuhusu chaneli za 12 na 13, zinaweza kuonekana tupu na kukuvutia. Baadhi ya simu na kompyuta zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazizioni kabisa, na wateja wa steshenari huja na vifaa vya kila aina. Zaidi ya hayo, 13 inaingiliana na 11 kama vile 9 inavyoingiliana nayo.

Hatua ya sita: pima tena, na ikibidi zungumza na jirani

Nilirudia amri ya kwanza kwenye meza ya nyuma. Pakiti zilizopotea zilishuka kutoka 6 hadi 2, na majibu mengi yalirudi chini ya milisekunde 40, ingawa mara chache yaliruka hadi 120. Ilikuwa nafuu, lakini haikuwa tiba, na huko kuruka kwa ghafla kulinielekeza kwa mtandao wa chaneli ya 9. Nguvu yake ya -69 ilikuwa katika ule wastani mbaya: haitoshi kuifanya ruta ya duka inyamaze, lakini inatosha kuziharibu pakiti zinazofika meza ya nyuma.

Jina la mtandao lilikuwa la saluni ya kinyozi iliyo chini yetu. Nikashuka, nikamsalimu, nikamweleza shida, na yeye akakiri kwamba aliiweka 9 kwa mkono wake mwenyewe baada ya kuona haina mtu. Nikamwomba aje 11, tulipo sisi.

"Yaani nije kwenye namba yenu?" akauliza, mashine ya kunyolea ikiwa bado inanguruma mkononi. "Si ndiyo tutabanana zaidi, fundi?"

Nilimjibu kwamba akiwa 9 ruta hizi 2 zinapigiana kelele bila kuelewana, na hata muziki wake unaokatika jioni chanzo chake ni hicho; akiwa 11 zitapeana zamu. Hakuamini, lakini alikubali tujaribu kwa dakika 10. Tuliibadilisha kwa simu yake, tukaweka na upana wa megahezi 20, kisha nikapanda kupima. Pakiti zote 50 zilirudi, nyingi kati ya milisekunde 3 na 15. Yeye naye aliniita kutoka chini kuuliza nimefanya nini, kwa kuwa video iliyokuwa ikizunguka sasa inakwenda.

Si kila jirani atakubali, na si kila jirani anajulikana kwa jina la mtandao wake. Katika majengo ya kupanga, ambako milango inatazamana kwenye korido moja, mazungumzo ya robo saa kati ya wapangaji wanaopakana kugawana 1, 6 na 11 hufanya kazi kuliko ruta ya bei ghali. Wakizidi 3, wawili walio mbali zaidi watumie namba moja.

Pale chaneli zote 3 zinapokuwa zimejaa

Kuna mahali ambapo hakuna jibu zuri katika 2.4. Nimepima vyumba vya kupanga Nyegezi ambavyo kila chaneli kati ya 3 ilikuwa na jirani wa juu ya -60. Hapo kilichobaki ni masafa ya gigahezi 5, ikiwa ruta na simu vinayo. Huko chaneli za upana wa megahezi 20, kama 36, 40, 44 na 48, hazimwagiki moja juu ya nyingine, na mawimbi yake huzuiwa zaidi na kuta, jambo ambalo ni hasara ukiwa vyumba 2 mbali na ruta, lakini ni faida kubwa kwa sababu jirani naye hakufikii. Vifaa vilivyo chumba kimoja na ruta vihamishie huko, na uviachie vya mbali na mashine za zamani masafa ya 2.4. Kompyuta isiyohama, kama ile ya meza ya nyuma, ingeunganishwa kwa kebo tangu mwanzo isingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Wakati mwingine orodha ya mitandao ni fupi na bado pakiti zinapotea. Programu za simu huona mitandao ya Waifai tu. Hazioni maikrowevu ya jikoni, wala kamera zisizo za Waifai zinazotumia masafa hayo. Ukiona kipimo kinaharibika kwa dakika 2 au 3 kisha kinapona, tazama kama ni saa ambazo mtu anapasha chakula.

Miezi michache baadaye mwenye steshenari alinipigia akisema ugonjwa umerudi. Kwa simu nilimwelekeza afungue programu aisome chaneli ya 11, na akanisomea: wa kwake, wa ng'ambo, lakini wa kinyozi haumo. Ulikuwa 8, tena ukiwa na kilima kipana. Radi ilikuwa imeunguza ruta ya kinyozi wiki ile, na mpya ilikuja ikiwa kwenye `Auto`. Safari hii sikushuka mimi. Alishuka mwenyewe na daftari lake.